Kengele ya kitochi, kalenda, meseji ya zahanati au simu ya mhudumu: ukumbusho upi wa chanjo mwenyekiti awahimize wazazi?

Mwenyekiti wetu wa kijiji amepewa dakika tano za kuzungumzia chanjo kwenye mkutano mkuu, kati ya ajenda ya mipaka ya mashamba na ile ya michango ya choo cha shule. Anataka kuwahimiza wazazi watumie simu kujikumbusha tarehe za kliniki, na kwa kuwa mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akaniachia kazi ya kumwandikia hotuba. Hotuba si ngumu. Ugumu ni kwamba ukimwambia mzazi "tumia simu" bado hujamwambia kitu. Hapa kwetu kuna anayemiliki kitochi cha batani, kuna mwenye simu janja yenye kioo kilichopasuka, na kuna anayeazima simu ya mumewe jioni mume akirudi. Kila mmoja ana njia inayomfaa na njia itakayomwangusha. Kabla ya kuandika nikaziweka njia hizo kando kwa kando, na hiki ndicho nilichokipata. Hotuba yenyewe iko chini, na kiongozi yeyote mwenye mkutano kama wetu anaweza kuichukua.

Tuanze na ratiba, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukumbusho upi unafaa. Kwa utaratibu wa Tanzania mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu begani na matone ya polio anapozaliwa. Akifikisha wiki 6 anapata sindano ya paja ya Penta (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, na kile kimelea cha Hib kinacholeta kichomi na homa ya uti wa mgongo), pamoja na chanjo ya nimonia, matone ya polio na matone ya kuzuia kuhara. Anarudi wiki ya 10, kisha wiki ya 14. Halafu kuna kimya kirefu hadi miezi 9, surua na rubela dozi ya kwanza, na kimya kingine hadi miezi 18, dozi ya pili.

Kimya hicho kirefu ndicho kinachotuponza. Mama wa mtoto wa wiki 10 anaikumbuka kliniki bila hata simu, maana alikuwa huko juzi na atarudi karibuni. Wa miezi 18 amesharudi shambani, mtoto anakimbia, anakula ugali, hana dalili ya kuhitaji zahanati, na kadi imefungwa kwenye kanga chini ya begi. Ukiniuliza ukumbusho una kazi zaidi wapi, nitakujibu: hapo.

Jambo la pili ni kwamba tarehe za chanjo husogea. Wazazi wengi huziona kama sikukuu, kwamba zimepangwa tangu mtoto azaliwe na haziondoki. Sivyo. Kati ya Penta moja na nyingine lazima zipite wiki 4 kamili. Tumchukue mtoto aliyezaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 2025. Wiki 6 zinaangukia Jumanne 15 Aprili, wiki 10 Jumanne 13 Mei, wiki 14 Jumanne 10 Juni. (Kwa kuwa tunahesabu wiki, siku ni ileile aliyozaliwa. Wa Jumanne atakuwa wa Jumanne mpaka wiki ya 14, na hiyo ni njia nzuri ya kujua kama umehesabu vibaya.) Sasa tuseme mama alikwenda msibani kwao, akachelewa, Penta ya kwanza ikachomwa 29 Aprili. Ya pili haiwezi tena kuwa 13 Mei, kwa sababu zitakuwa zimepita wiki 2 tu. Itakuwa 27 Mei, na ya tatu 24 Juni. Kama alikwishajaza tarehe zote kwenye simu siku aliyojifungua, simu itamwita 13 Mei, atatembea hadi zahanati, na muuguzi atamrudisha. Safari inayofuata simu ikilia hataiamini, na sidhani kama tunaweza kumlaumu.

Hapo niongeze jambo ambalo huwapa kina mama hofu isiyo na sababu: aliyechelewa haanzi upya. Dozi alizokwishapata mtoto zinahesabiwa, anaendelea pale alipoishia. Najua wanaokaa nyumbani kwa aibu wakidhani watagombezwa na kuambiwa waanze moja.

La tatu linahusu siku ya zahanati. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga, kichupa kimoja cha watoto kumi kwa kawaida, na muuguzi akishachanganya na maji yake ana saa 6 tu. Kikibaki kinamwagwa. Ile ya kifua kikuu iko vivyo hivyo. Penta ni ya maji tayari, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutunzwa kwenye friji ya chanjo hadi siku 28 kikihifadhiwa sawasawa, kwa hiyo haina presha hiyo. Ndiyo maana zahanati nyingi hukusanya watoto wa surua siku moja ya wiki ili kichupa kisifunguliwe kwa ajili ya mmoja. Yule mtoto wetu wa 4 Machi anatimiza miezi 9 Alhamisi tarehe 4 Desemba 2025. Ikiwa zahanati yake huchoma surua Jumatano, akipelekwa Jumatano ya tarehe 3 atakuwa amewahi kwa siku moja na huenda akarudishwa, akipelekwa Alhamisi yenyewe huenda akakuta hakuna kichupa kilichofunguliwa. Tarehe ya kuweka kwenye simu ni Jumatano 10 Desemba. Hakuna programu ya simu itakayomwambia hivyo. Anayejua ni muuguzi, na ndiye anayeiandika kwenye kadi.

Kwa hiyo kipimo changu cha njia zote nne kilikuwa kimoja: je, mzazi anaweza kuingiza tarehe iliyoandikwa kwenye kadi akiwa bado amekaa kwenye benchi la zahanati, na kuibadilisha safari ijayo ikibadilika?

Kengele ya kitochi

Faida yake kubwa ni kwamba kila mtu anayo na kila mtu anaijua, maana ndiyo inayotuamsha alfajiri. Haili salio, haihitaji bando, na vitochi vingi huita hata vikiwa vimezimwa ilimradi betri ina chaji kidogo. Simu janja nyingi zikizimwa haziiti.

Kasoro yake ni kwamba kengele nyingi za kitochi zinajua siku, hazijui tarehe. Unaweza kuiambia iite kila Jumatatu, huwezi kuiambia iite 9 Desemba. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu na nusu hiyo si mbaya sana: weka ilie kila Jumatatu jioni kama kliniki ni Jumanne, na ikilia kazi yako ni moja tu, kufungua kadi na kuangalia kama kesho ni zamu yenu. Kwa surua ya miezi 18 haifai. Kengele inayolia kila wiki kwa miezi tisa bila kazi itazimwa ndani ya mwezi wa kwanza, na anayesema yeye hataizima ajiulize ya alfajiri huifanyaje.

Lakini kuna vitochi vyenye kalenda ndani ya menyu, mbali na kengele. Wengi hatujawahi kuifungua. Ukiifungua ukaona sehemu ya kuongeza ukumbusho kwenye tarehe, basi kitochi chako kinakwenda kundi linalofuata, na umepata njia nzuri kuliko zote kwa bei ya bure.

Kuna mtego wa saa ambao naukuta kila nikikaa na kina mama. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, simu inasema 8:00 AM. Mama anaweka 2:00 AM kwa sababu ni "saa mbili" na hiyo AM anaambiwa ni asubuhi. Simu inaita saa nane za usiku, mtoto anaamka, baba anaizima, na asubuhi hakuna anayekumbuka ililia kwa ajili ya nini. Saa moja jioni ni 7:00 PM, au 19:00 kwa simu zinazohesabu hadi ishirini na nne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni 6:30 AM. Ukimfundisha mtu kitu kimoja tu kuhusu kengele, mfundishe hicho.

Kalenda ya simu janja

Hii inajua tarehe, inajua mwaka, inaweza kukaa kimya miezi tisa na kulia siku husika. Unaandika maneno yako mwenyewe, kwa mfano "SURUA 2, beba kadi", kwa hiyo hata aliyeshika simu siku hiyo akiwa ni dada wa mtoto anaelewa. Kwa mapengo marefu ya miezi 9 na 18 sioni mshindani wake.

Shida iko kwenye mpangilio inaokuja nao. Kalenda ya Google, kwa mfano, ukiweka tukio lenye saa, kwa kawaida inakukumbusha dakika 30 kabla. Hiyo imetengenezwa kwa mtu mwenye kikao ofisini. Anayetembea saa nzima kwenda zahanati, na ambaye alipaswa kujua jana ili aache kibarua, dakika 30 ni matusi. Kwenye tukio hilohilo kuna sehemu ya kuongeza arifa nyingine. Ongeza siku 3 kabla na siku 1 kabla. Ile ya siku 3 ndiyo inayosaidia kweli, maana ndiyo inayokupa muda wa kuomba ruhusa, kutafuta wa kubaki na wakubwa, na kuweka nauli pembeni. Na saa ya tukio iwe ya jioni au alfajiri, kwa sababu arifa za siku za nyuma zitakuja saa ileile. Ukiweka tukio saa nne asubuhi, zitakuja ukiwa shambani na simu iko nyumbani kwenye chaji.

Udhaifu wa pili ni simu yenyewe kupotea au kuuzwa. Kama kalenda imeunganishwa na akaunti ya Gmail, tarehe zinarudi kwenye simu mpya mtu akiingia kwa akaunti ileile. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti na kijana wa duka la simu na nywila anaijua yeye. Kwa hao, simu ikienda na tarehe zimekwenda.

Meseji kutoka kituo au mradi

Hii ndiyo viongozi huipenda, kwa sababu mzazi hafanyi chochote. Ametaja namba wakati wa kuandikisha, meseji inakuja yenyewe. Tanzania tumeizoea tangu 2012 ulipoanza mpango wa Wazazi Nipendeni, ambapo mama mjamzito au mzazi alituma neno kwenda 15001 na kupokea ujumbe wa bure kulingana na umri wa mimba au wa mtoto.

Je, inafanya kazi? Kuna utafiti mmoja uliofanywa vizuri, na ni wa jirani zetu wa Siaya, magharibi mwa Kenya. Vijiji 152 viligawanywa kwa bahati nasibu na watoto waliandikishwa kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi 2014. Wazazi wa kundi moja hawakutumiwa kitu, la pili lilitumiwa meseji kabla ya kila chanjo, mengine mawili yalipata meseji pamoja na fedha kidogo kwenye simu wakiwahi: shilingi 75 za Kenya kwa kila chanjo, au 200. Watoto waliokamilisha chanjo walipofikisha mwaka mmoja walikuwa asilimia 82 kwa wasiotumiwa kitu, 86 kwa meseji peke yake, 86 kwa meseji na shilingi 75, na 90 kwa meseji na shilingi 200. Pengo lililotoka wazi bila ubishi wa kitakwimu ni hilo la mwisho. Nne za meseji peke yake zingeweza kuwa bahati tu.

Mimi naisoma hivi: meseji haidhuru na inaweza kusaidia kidogo, ila kwa baadhi ya wazazi kinachozuia si kusahau. Ni nauli, ni kibarua cha siku. Mwenyekiti asiahidi kwamba simu itamaliza tatizo la mtu aliyekosa nauli. Na tuseme pia kwamba Siaya ya wakati huo, kwa asilimia hizo 82, tayari wazazi wengi walikuwa wanakwenda. Panapoanzia chini huenda hesabu ikawa tofauti.

Kwenye kijiji meseji huangukia mahali pawili. Kwanza laini. Namba iliyoandikwa siku ya kujifungua ni ya baba, au ya shangazi aliyemsindikiza, au ni laini iliyofungwa tangu hapo, na meseji inapokelewa na mtu asiyemjua mtoto. Pili, mfumo unatuma kwa hesabu ya umri isipokuwa muuguzi ameingiza kwamba dozi ilichelewa, na siku ya msongamano haingizi mpaka jioni au kesho yake.

Na matapeli wamo. Chanjo za watoto za ratiba ya taifa hazilipiwi kwenye vituo vya serikali. Meseji yoyote inayotaja kliniki halafu ikakuomba utume fedha ili mtoto "asajiliwe" ni ya wizi, hata ikimtaja mtoto kwa jina.

Simu ya mhudumu au kundi la WhatsApp

Hapa najizungumzia mwenyewe, kwa hiyo msomaji apunguze anavyoona inafaa. Kupigiwa simu na mtu unayemfahamu kuna nguvu ambayo meseji haina. Mama ananiuliza kama mtoto mwenye mafua anaweza kuchanjwa (mafua madogo hayazuii, mlete), au kama homa iliyompata safari iliyopita itarudi. Asiyesoma anasikia. Anayeazima simu ya jirani tunamkuta kwa jirani. Ninayejua kwamba hapatikani kwenye simu, naweza kumpitia nyumbani.

Lakini vocha natoa mimi, kaya ni nyingi, na nikiugua au nikisafiri hakuna anayepiga. Njia hii tuitunze kwa walioachwa na nyingine zote: wasio na simu, waliokwisha kukosa dozi moja, na mama aliyejifungulia nyumbani ambaye hajafika zahanati kabisa.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa tangazo la watu wote, kama "Jumatano hii hakuna surua, chanjo haijafika". Kwa tarehe ya mtoto mmoja halifai. Tangazo la asubuhi jioni limezikwa chini ya salamu, picha za harusi na mahubiri. Tena kuandika humo kwamba mtoto wa fulani amekosa chanjo ni kumwanika mzazi mbele ya kijiji.

Kwa anayetaka kuona yote kwa jicho moja:

| Njia | Inamfaa nani | Inaangukia wapi |
|---|---|---|
| Kengele ya kitochi | Mtoto wa wiki 6 hadi 14 | Haijui tarehe; saa ya Kiswahili na ya simu |
| Kalenda, ya kitochi au simu janja | Surua ya miezi 9 na 18. Tarehe yoyote iliyo kwenye kadi | Arifa ya dakika 30. Simu ikipotea |
| Meseji ya kituo | Mwenye laini yake isiyobadilika | Namba ya mtu mwingine. Dozi iliyochelewa |
| Simu ya mhudumu | Asiye na simu, asiyesoma, aliyekwisha kukosa dozi | Inamtegemea mtu mmoja na vocha yake |

Ushauri wangu kwa mwenyekiti ukawa kalenda kwanza, ikiwekwa tarehe moja tu, ile ya kurudi, na iwekwe kwenye benchi kabla mzazi hajanyanyuka. Asiye na kalenda atumie kengele ya wiki hadi mtoto afikishe wiki 14, kisha jina lake aniachie mimi kwa ajili ya surua. Meseji ya kituo ikija iwe ya pili, ya kuthibitisha. Tarehe ya meseji ikipishana na ya kadi, kadi ndiyo yenye neno.

Takwimu za Siaya nilizitoa kwenye hotuba. Mkutanoni watu wanahesabu jua linavyopanda. Hii hapa, isomwe taratibu:

*"Ndugu wananchi, shikamooni wazee wangu. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam alaykum.*

*Nina neno moja na kina mama na kina baba wenye watoto wadogo, na kina baba nawaomba msitoke nje kuvuta sigara, linawahusu kuliko mnavyodhani.*

*Kadi ya mtoto ina sehemu muuguzi anapoandika tarehe ya kurudi. Kuanzia kliniki ijayo, muuguzi akimaliza kuandika, usinyanyuke. Toa simu. Tafuta kalenda, nenda kwenye tarehe hiyo, andika chanjo ya mtoto, beba kadi. Iambie ikukumbushe siku tatu kabla, na siku moja kabla. Usiweke tarehe zote za mwaka mzima, weka hiyo moja. Ukirudi utapewa nyingine.*

*Simu yako haina kalenda? Weka kengele kila wiki, jioni ya siku moja kabla ya kliniki. Ikilia, fungua kadi uangalie. Saa moja jioni kwenye simu ni saba, PM. Ukiweka moja italia saa saba, ya mchana au ya usiku wa manane, usije ukanilaumu.*

*Hujui kuiweka? Pale kwenye benchi vijana wapo, mhudumu wetu wa afya yupo, ulizeni. Anayeazima simu aseme, tutampitia nyumbani.*

*Kina baba, namba nyingi zilizoandikwa kule zahanati ni zenu. Meseji ya mtoto ikiingia kwako ukiwa kijiweni, mpigie mama yake wakati huohuo. Na tarehe ya kadi iwe kwenye simu mbili, ya kwako na ya kwake.*

*Waliochelewa, nendeni. Mtoto haanzi upya, anaendelea. Nimemwomba muuguzi asimgombeze mtu, na amenikubalia mbele ya mtendaji.*

*Chanjo hailipiwi. Meseji ikikuomba hela, usitume, niletee mimi niione.*

*Mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hebu anyooshe mkono. Haya, nyinyi ndio nawasema leo. Surua ya pili. Mkutano ukiisha msiondoke, mhudumu atakaa pale chini ya mwembe, mje na simu mkononi tuziweke."*

Ile ya kunyoosha mikono niliiongeza kwa makusudi. Hotuba inayowaambia watu wakafanye kitu nyumbani hufia njiani. Inayowaambia wafanye pale walipo, simu ikiwa mkononi na mtu wa kuwasaidia akiwa hatua kumi, ina nafasi. Kiongozi atakayeichukua hotuba hii asikate sehemu hiyo, na kabla ya mkutano akamuulize muuguzi wa kituo chake siku gani ya wiki wanachoma surua.

Kwa mjamzito mambo ni mepesi zaidi. Tarehe ya hudhurio lijalo huandikwa kwenye kadi yake kila anapokwenda, anaiweka kwenye kalenda vilevile, moja kwa moja. Kwa kupima uzito wa mtoto kila mwezi, hapo unaweza kutumia ukumbusho wa kujirudia, kwa sababu kuchelewa siku mbili tatu hakuharibu hesabu yoyote. Chanjo usiiwekee wa kujirudia hata simu ikikupa nafasi hiyo. Wiki 4 na mwezi si kitu kimoja, na baada ya Penta ya tatu itaendelea kukuita kila mwezi bila sababu.

Na ukiwa umeishika simu pale kwenye benchi, kama ina kamera, piga kadi picha pande zote mbili, umtumie na baba. Kadi hulowa, huliwa na panya, hubaki kwa bibi msimu wa kilimo. Ukifika kituo kingine na picha inayosomeka, muuguzi ataona dozi zilizokwisha tolewa na tarehe zake, na atajua pa kuanzia.